Usihukumu Kabla Mwezi Haujapevuka Mara Mbili

Swali linanijia kila mara kwa sura tofauti. Mwuguzi aliyehamishiwa pwani anauliza, "Nimeanza kuwatembelea majirani, mbona sioni mabadiliko?" Kijana aliyerudi Bagamoyo baada ya miaka mingi Dar es Salaam anauliza, "Nimejirudi, nasalimia kila mtu, lakini wananitazama tu. Niache?" Mama mmoja wa duka aliniuliza kwa mkato zaidi: "Nijipe muda gani?"

Wote wanauliza jambo moja. Umebadilisha namna yako ya kuishi na watu. Utangoja mpaka lini ndipo useme kwamba imefaa au haikufaa? Na katika siku zile za mwanzo, ambapo kila tabasamu linakupa tumaini na kila uso uliokunjwa unakuvunja moyo, uamini dalili ipi?

Nitajibu kwa watu wa ukanda huu wetu, kuanzia Bagamoyo kupanda kaskazini mpaka Saadani na Mkwaja, kwa sababu huku muda una kanuni zake. Anayehesabu siku kwa kalenda ya ukutani peke yake atakosea hesabu.

Kwanza: umebadilisha nini hasa?

Kabla ya kuuliza muda, andika kwa sentensi moja kile ulichokibadilisha. "Nimeamua kuwa karibu na watu" haitoshi, maana hakuna mtu atakayeweza kusema kama umeifanya au hukuifanya. Hii inatosha: "Nitakaa kwenye baraza ya jirani baada ya sala ya alasiri, siku tatu kwa wiki, saa moja kila mara, na nitaamua mwezi ukipevuka mara ya pili."

Sentensi hiyo iwe na mambo manne:

- unafanya nini
- wapi, na pamoja na nani
- mara ngapi kwa wiki
- utaamua lini

Kosa ninaloliona zaidi ni kubadilisha mambo matano kwa pamoja. Mtu anaanza kusalimia, anaanza kutembelea, anaanza kupeleka sukari na sabuni, anajiunga na kikundi cha hisa, anahamia msikiti mwingine, yote ndani ya wiki moja. Watu wakimchangamkia, hajui ni kwa ajili yake au kwa ajili ya sukari. Wakimnunia, hajui akosoe wapi. Shika jambo moja. Na zawadi ziache kabisa kwa miezi miwili ya mwanzo, isipokuwa pale mila inapodai, kama rambirambi au sahani ya futari inayorudishwa.

Muda: hesabu vikao, na hesabu mwezi wa angani

Huku kwetu watu hawapatikani sawasawa kila wiki. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza, kwa sababu mwanga wa mwezi hutawanya samaki na taa haivuti kitu. Mwezi unapopevuka wanapumzika, wanashona nyavu, na baraza zinajaa. Wiki ya giza mambo hugeuka: vyombo vinarudi alfajiri, na kina mama wanachemsha na kuanika dagaa mpaka jua linapokaribia kuzama. Kwa wanaolima mwani, kama Mlingotini, siku za bamvua ndizo za kazi, kwa sababu maji yanakupwa mbali na shamba linafikika. Siku za maji mafu shamba halishikiki vizuri, na watu wanakuwa nyumbani zaidi.

Mzunguko mzima wa mwezi huchukua siku 29 na nusu. Ukianza kukaa barazani wiki ya mbalamwezi, utaona watu wengi na utajisifu. Wiki mbili baadaye utakuta mkeka umekunjwa na utadhani wamekukimbia. Hakuna aliyekukimbia, wako pwani wanaanika dagaa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mwezi upevuke mara mbili tangu uanze, yaani mizunguko miwili kamili, na katika muda huo uwe umekaa na watu vikao visivyopungua 20. Hiyo ni kama siku 60. Miezi miwili inakupa giza mara mbili na mbalamwezi mara mbili, kwa hiyo mara moja ikikudanganya, ya pili itakusahihisha. Vikao 20 vinakulinda na kosa lingine, la mtu kupita siku 60 huku amekwenda mara sita tu, kisha akatangaza kwamba "nimejaribu miezi miwili". Huyo bado hajajaribu.

Kikao ambacho hukukuta mtu hakihesabiwi. Ulichopita na "hamjambo" ukaondoka hakihesabiwi pia.

Muda unarefuka katika hali hizi:

- Ukiwa unatafuta wanaume wavuvi msimu wa kwenda dago. Wakiwa kambini hawapo kijijini kwa wiki nyingi. Subiri warudi ndipo uanze kuhesabu.
- Masika, kati ya Machi na Mei. Barabara za kuingia Saadani huwa taabu, baraza zinalowa, watu wanajifungia. Usianze jambo jipya wakati huo kama unaweza kungoja.
- Ramadhani. Ratiba ya siku inapinduka kabisa. Unaweza kuutumia mwezi huo kujenga ukaribu, lakini usiutumie kupima. Ukarimu wa Ramadhani ni wa wote.
- Ukiwa na historia mbaya na watu haohao. Hili nitalirudia chini.

Kijiji cha Saadani chenyewe kina sharti lingine. Kimezungukwa na hifadhi, ambayo mwaka 2005 ilipandishwa hadhi kutoka pori la akiba na kuwa Hifadhi ya Taifa. Wanyama hawajui mpaka wa kijiji, na giza likiingia watu hawatembei ovyo. Mgeni aliyezoea mjini anapanga matembezi ya saa mbili usiku, akikuta milango imefungwa anasema watu hawa ni wagumu. Panga alasiri.

"Lakini nilisoma kwamba urafiki una saa zake"

Kweli, jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha hesabu kwamba watu wapya huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ndipo waanze kuitana marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa karibu. Aliwachunguza wanafunzi wa chuo na watu wazima waliohamia mji mpya, na wote walikuwa Marekani, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama sheria ya Saadani. Zina faida moja tu kwetu. Ukikaa saa tatu kwa wiki, baada ya miezi miwili una saa kama 25, yaani nusu ya safari ya kufika kwenye ule urafiki wa kawaida.

Ndiyo maana swali la "je, nimeshapata marafiki?" baada ya miezi miwili ni swali la kujidhulumu. Swali la wakati huo ni jepesi zaidi: kuna mtu yeyote ambaye amesogea?

Dalili zisizopima kitu

Hizi hazina ubaya. Zifurahie, ila usizihesabu.

- "Karibu." Pwani anakaribishwa kila mtu, hata anayepita kuuliza njia. Karibu isiyo na siku wala saa ni adabu.
- Kiti. Ukiletewa kiti huku wenyeji wamekaa mkekani, umeheshimiwa, na kuheshimiwa huko maana yake wewe ni mgeni. Ukiendelea kuletewa kiti mwezi wa pili, bado ni mgeni.
- Watoto kukuzunguka. Watoto hufuata kipya.
- Sifa. "Mwalimu wetu ana adabu sana" ni neno la kumwambia mtu ambaye hujamzoea.
- Namba za simu. Namba 30 ambazo hakuna anayekupigia ni sawa na sifuri.
- Mkopo wa haraka. Anayekuomba 20,000 wiki ya pili hajakuamini. Amekuona una mshahara.
- Moyo wako mwenyewe baada ya kikao. Hili limepimwa pia. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wakishazungumza mara ya kwanza, kila mmoja hudhani mwenzake amempenda kidogo kuliko alivyompenda kweli. Kwa wanafunzi waliokaa bweni moja, kosa hilo la kukadiria liliendelea kwa miezi mingi. Ukirudi nyumbani unajisemea "nimewachosha leo", huo si ushahidi.

Na tafadhali usijisomee fumbo kwenye kila kanga. Mwanamke amevaa kanga yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa imekauka. Kanga ni neno kwako pale tu mtu wa tatu, anayewafahamu nyote wawili, anapokuambia hivyo.

Dalili zenye uzito

Kipimo cha kuzitambua ni maswali mawili: Nani ameanza? Kimemgharimu nini? Tendo ambalo mwenzako amelianza yeye, bila wewe kumwomba, na likamgharimu hata kidogo, kama kutembea, kukumbuka, kujishusha au kufichua jambo, hilo lina uzito. Ukiwa wewe ndiye uliyeanza, ni adabu yake tu inayojibu.

1. Umeulizwa ulipokuwa hupo. "Mwalimu, juzi hukuonekana, kulikoni?" Mtu huyo alikuwa anakungoja, au angalau aliona nafasi yako iko wazi. Kwangu hii ndiyo dalili ya mapema iliyo bora kuliko zote.

2. Umeazimwa kitu kinachorudi. Mtoto ametumwa: "Mama anasema umpe sufuria kubwa, atairudisha jioni." Kuazima sufuria, mbuzi ya kukunia nazi au ungo kunamweka mwazimaji katika deni dogo kwako, na watu hawajiweki kwenye deni la mtu wasiyetaka kuonana naye tena. Angalia tofauti: kinachoazimwa kinarudi, kinachoombwa hakirudi.

3. Umesahihishwa usoni. "Hivyo sivyo, lete nikuonyeshe." Wenye kukuweka mbali hawakusahihishi. Watakuacha ukosee, kisha watazungumza ukishaondoka.

4. Umetaniwa. Ukanda huu una mila ya utani tangu zama za misafara, Wazaramo na Wanyamwezi wakiwa mfano unaojulikana zaidi. Ukiulizwa kabila lako, na mara mtu akakugeukia akidai wewe ni mtumwa wa babu yake, usikasirike. Umeshapangiwa mahali. Jibu kwa utani, usijibu kwa maelezo.

5. Umepewa kazi. Kiti kimeondoka, umesogezewa mkeka, na mkononi umewekewa ukili uushike mwisho.

6. Umeambiwa habari mbaya mapema. Msiba, ugonjwa, kijana aliyekamatwa. Ukizisikia siku hiyohiyo kutoka kwa mwenye nyumba, uko ndani. Ukizisikia sokoni siku tatu baadaye, bado.

Usitegemee zote sita ndani ya miezi miwili. Ya sita mara nyingi haiji kabla ya mwezi wa nne au wa tano, na inategemea kama Mungu ameleta tukio.

Mfano: mwalimu na daftari lake

Nitaeleza habari za mwalimu mmoja mwanamke, mwenyeji wa Iringa, aliyepangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja kati ya Bagamoyo na Mkwaja. Sitataja jina lake wala la kijiji. Mwaka wa kwanza wote alikuwa anatoka shuleni, anafunga mlango, anasahihisha madaftari. Wazee aliwaambia "mambo" kama alivyozoea chuoni. Hakuwa na ugomvi na mtu, ila hakuwa na mtu.

Mwaka wa pili aliandika sentensi yake: alasiri ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja, baraza ya jirani ambako kina mama husuka mikeka. Akaongeza shikamoo kwa kila aliyemzidi umri. Nilimshauri pia aandike mapema atakachokubali kama ushahidi: dalili tatu zenye uzito, kutoka kwa watu wasiopungua wawili, kabla mwezi haujapevuka mara ya pili. Ukiandika kipimo baada ya matokeo, utakipinda kifuate moyo wako.

Wiki ya kwanza na ya pili alikuta watu wengi. Aliletewa kiti na chai, akasifiwa Kiswahili chake. Katika daftari aliandika vikao sita, dalili sifuri. Alibisha: "Lakini wamenipokea vizuri sana!" Wamekupokea, ndiyo. Sifuri ibaki palepale.

Wiki ya tatu alikwenda mara tatu na mara mbili hakukuta mtu. Siku aliyowakuta walikuwa wawili, wamechoka, wanajibu kwa neno mojamoja. Usiku aliniandikia kwamba anaacha. Nilimwuliza mwezi uko wapi angani. Akatoka nje, akarudi akasema hauonekani. Dagaa walikuwa wengi wiki ile, na nguvu ya baraza yote ilikuwa pwani kwenye chanja. Aliandika kikao kimoja, dalili sifuri, na pembeni neno "giza".

Wiki ya tano kiti hakikuja. Aliingiwa na wasiwasi kuwa amedharauliwa, akakaa mkekani. Dakika kumi hivi baadaye bibi mwenye nyumba akamsukumia ukili. Akaukunja vibaya. Bibi akaunyakua: "Mwanangu, hata wanafunzi wako hawasuki hivi!" Baraza nzima ikacheka. Yeye aliandika siku hiyo kama siku mbaya kuliko zote. Mimi nilihesabu dalili mbili, kazi na kusahihishwa, zote kutoka kwa mtu mmoja.

Wiki ya saba mtoto wa nyumba ya tatu, ambaye mama yake huwa anakaa pembeni na haongei sana, alipiga hodi akitaka sufuria. Ikarudi jioni, ndani ina vipande viwili vya muhogo, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Hapo dalili zikawa tatu, watu wawili.

Wiki ya nane alipata homa, hakutoka siku nne. Bibi alimtuma mjukuu kuuliza.

Jumla: vikao 21, dalili nne, watu wawili, mwezi umepevuka mara mbili. Uamuzi ukawa kuendelea bila kubadilisha kitu. Angalia kwamba katika miezi hiyo miwili alikuwa amekaribia kuacha mara mbili, wiki ya tatu na ya tano, na mara zote mbili sababu yake haikuwa ushahidi. Moja ilikuwa giza la mwezi, nyingine ilikuwa dalili njema iliyofika imevaa sura ya dharau.

Miezi michache baadaye kulitokea msiba nyumba ya jirani. Aligongewa usiku uleule. Alipofika asubuhi hakupelekwa kukaa na wageni. Alipewa mbuzi na nazi.

Ukifika siku ya uamuzi na hesabu haikutimia

Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

*Hatua ya kwanza, hesabu vikao.* Vikiwa chini ya 20, huna cha kuhukumu. Ongeza mwezi mmoja ukae ipasavyo.

*Hatua ya pili, tazama mahali na saa.* Pengine umechagua baraza ya watu wenye haraka. Sehemu wanapouzia samaki kila mtu anakimbizana na barafu na bei, hakuna wa kukuzoea. Hamisha kikao, shika kile kile ulichokuwa ukifanya, toa mwezi mmoja.

*Hatua ya tatu, uliza mtu mmoja.* Asiwe rafiki yako wala mpinzani wako. Mzee au mama wa makamo anayeheshimika ndiye afaaye. Usimwulize "wananipenda?", maana atakujibu kwa adabu. Mwulize hivi: "Shangazi, kuna jambo ninalolifanya ambalo huku halifanywi?" Ukishauliza nyamaza, mpe nafasi. Mara nyingi jibu ni dogo kuliko ulivyohofu: unaingia na viatu, unakuja wakati wa sala, unapita mbele ya wazee bila kuinama.

*Hatua ya nne, badilisha jambo moja, mwezi mmoja.* Kama bado ni kimya, acha baraza hiyo kwa heshima na ujaribu kundi lingine: kikundi cha hisa, kwaya, kina mama wa mwani. Kuacha baada ya miezi minne iliyopimwa si kushindwa. Sasa unajua.

Ikiwa dalili zipo lakini zote ni za mtu mmoja, usisikitike. Mfuate huyo. Punguza vikao vya baraza kubwa, ongeza muda wake. Mgeni mara nyingi huingia kijijini kwa mlango wa nyumba moja.

Mambo ya kusimamisha mara moja

Yapo ambayo hayangoji mwezi upevuke:

- Mtu wa tatu, hasa mzee au balozi, ameletwa kukuambia upunguze kufika. Pwani neno la kukataza huja kwa mjumbe. Ukilipata limeshazungumzwa na wengi.
- Mazungumzo yanakatika kila unapofika, vikao vitatu mfululizo, na watu wanaanza kuaga. Mara moja ni bahati mbaya, kwa kuwa pengine walikuwa na jambo la ndani.
- Uwepo wako unamletea mtu ugomvi nyumbani kwake, hasa mwanamume kwa mwanamke au mwanamke kwa mume wa mtu.
- Mwenye nyumba anakuombea radhi kwa wengine. "Msimjali, ndivyo alivyo." Tafuta umefanya nini kabla ya kurudi.

"Mimi si mgeni, mimi ndiye niliyekuwa mkorofi"

Barua hizi ndizo zinazoniuma zaidi, na jibu lake ni refu kidogo.

Mgeni anaanza na karatasi nyeupe. Wewe unaanza na deni. Ukigeuka ghafla ukawa mtu wa salamu na misiba, swali la kwanza la watu ni "anataka nini?" Ikiwa karibu kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, jibu wanalo tayari: anataka uenyekiti. Ikiwa kuna kiwanja kinagombaniwa, jibu lingine. Kwa hiyo usianze mabadiliko karibu na jambo lolote litakalokufaidisha, na kama limekaribia, ngoja lipite.

Kwako miezi miwili ni mifupi. Jipe misimu miwili, kaskazi moja na kusi moja, yaani mwaka mzima kasoro kidogo. Watu wanakungoja uchoke. Wameshawaona wengi waliotubu mwezi mmoja. Miezi minne ya mwanzo usitafute dalili yoyote kati ya zile sita. Tafuta dalili ya chini zaidi, ambayo ni kupungua kwa tahadhari: wanaongeza salamu ya pili baada ya ya kwanza, hawahamishi mazungumzo ukifika, mtoto anaachwa kukuamkia bila kuvutwa mkono.

Na yule uliyemkosea hasa, usimweke katika hesabu ya baraza. Nenda kwake, pamoja na mtu wa kati, useme ulichokosa kwa jina lake. Salamu elfu moja za barazani hazilipi jambo hilo. Baada ya hapo usimdai chochote. Mara nyingi jibu lake utaliona kwenye msiba au sikukuu ijayo, pale anapochagua kupita ulipokaa au kuzunguka nyuma.

Mashaka mawili ya mwisho

"Mimi ni Mkristo, majirani ni Waislamu. Kipimo ni kilekile?" Kipimo ni kilekile. Mwalimu wangu ni Mkristo. Tofauti iko kwenye ratiba: jua saa za sala, usipange kikao Ijumaa mchana, na sahani ya futari ikija, irudishe na kitu chochote halali kutoka jikoni kwako.

"Kuandika watu kwenye daftari si unafiki?" Ungekuwa unafiki kama ungewapima wao. Unachopima ni mwendo wako, na daftari linakuzuia kuwahukumu watu kwa uchovu wa siku moja. Andika tarehe, kikao, nani alianza, alifanya nini. Mistari miwili inatosha. Usiandike siri za watu, na usimwonyeshe mtu.

Kama umeanza tayari na umefika wiki ya tatu ukiwa na moyo mzito, nakuomba usiamue lolote leo. Toka nje usiku, tazama mwezi uko wapi, andika ulichokiona, na Jumatatu alasiri nenda tena.